Lahajedwali moja kwa watu mia tatu: BMI, uwiano wa kiuno na kilo za mafuta

Ukimpima mtu mmoja, kikokotoo cha simu kinakutosha. Ukipima watu mia tatu kwa siku mbili, utahitaji lahajedwali, na hapo makosa hubadilika sura. Fomula ikiandikwa vizuri haikosei hesabu, ila haina macho. Ukiiambia kwamba mtu ana urefu wa sentimita 1.64, itakokotoa bila kusita na kukupa jibu lenye nukta na desimali. Katika kitengo chetu cha lishe tunapokea mafaili ya namna hiyo mara kwa mara, na kazi kubwa huwa kutafuta mstari mmoja uliopotoka kati ya mamia. Ndiyo maana napenda kueleza jinsi ya kulipanga lahajedwali ili lenyewe liseme palipoharibika.

Anza na mpangilio. Kila mtu apate mstari wake, na kila kipimo kipate safu yake. Safu A iwe namba ya utambulisho. Majina yakae kwenye daftari tofauti, kwa sababu faili la vipimo husambaa kuliko tunavyodhani. B ni jinsia, C umri kwa miaka, D uzito kwa kilo, E urefu kwa sentimita, F mzunguko wa kiuno na G mzunguko wa nyonga, vyote viwili kwa sentimita. Kizio kiandikwe kwenye kichwa cha safu, "Urefu (sm)", kila mwandishi wa takwimu akione. Kwenye jinsia weka orodha ya kuchagua yenye maneno mawili tu, ME na KE, ili asije mtu akaandika "mke", mwingine "F", mwingine akaacha nafasi tupu mwishoni mwa neno. Kipimo kilichokosekana kiachwe wazi kabisa. Sifuri ni kipimo, na fomula itakitumia.

Safu H ni BMI, yaani uzito kwa kilo ugawanywe kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Hesabu hii ni ya Mbelgiji Adolphe Quetelet, wa karne ya 19. Jina la BMI lilikuja baadaye sana, mwaka 1972, kutoka kwa Ancel Keys na wenzake. I ni kiuno kwa nyonga, J ni kiuno kwa urefu:

```
H2: =IF(COUNT(D2:E2)<2,"",D2/(E2/100)^2)
I2: =IF(COUNT(F2:G2)<2,"",F2/G2)
J2: =IF(COUNT(E2:F2)<2,"",F2/E2)
```

COUNT ipo kwa makusudi. Inahesabu seli zenye namba halisi tu. Mtu akiandika "74,2" kwenye kompyuta inayotarajia nukta, seli hiyo inakuwa maandishi, COUNT inairuka, na jibu linabaki wazi. Ukiona pengo kwenye H ilhali D na E zimejaa, umeshajua pa kutazama. (Kompyuta zilizowekwa kutumia mkato wa desimali hutaka nukta-mkato badala ya mkato ndani ya fomula. Badilisha hilo, na kwenye fomula ya safu M namba zenye desimali, kama 0.6, nazo ziandikwe kwa mkato; mengine yanabaki.)

Kwa mafuta ya mwili zipo fomula kadhaa. Nimechagua ile iliyochapishwa na Woolcott na Bergman mwaka 2018, inayofahamika kwa herufi RFM, kwa sababu inatumia urefu, kiuno na jinsia, vitu ambavyo tayari tunavyo. Asilimia ya mafuta ni 64, toa mara 20 ya urefu uliogawanywa kwa kiuno, na kwa mwanamke uongeze 12. Ilitengenezwa kwa watu wazima wa miaka 20 na kuendelea, kwa hiyo fomula yetu inakataa walio chini ya hapo:

```
K2: =IF(OR(J2="",N(C2)<20,AND(B2<>"ME",B2<>"KE")),"",
    64-20*E2/F2+IF(B2="KE",12,0))
L2: =IF(OR(K2="",NOT(ISNUMBER(D2))),"",D2*K2/100)
```

L ndiyo kilo za mafuta. Nakili mstari wa pili hadi wa mwisho, na hesabu imekwisha.

Sasa tumchukue mwanamke mmoja wa miaka 41, kilo 74.2, urefu sentimita 164, kiuno 88, nyonga 104. BMI yake ni 27.6, ndani ya kundi la uzito uliozidi, ambalo kwa Shirika la Afya Duniani huanzia 25 na kuishia kabla ya 30. Kiuno kwa urefu ni 0.54, juu kidogo ya nusu, na nusu ndiyo kipimo kinachotumika sana cha kuanza kuwa makini. Mafuta yanakadiriwa kuwa asilimia 38.7, sawa na kilo 28.7.

Kiuno kwa nyonga ndicho chenye mtego. Seli inaonyesha 0.85, na kwa mwanamke 0.85 ndio mpaka wa hatari iliyoongezeka. Kwa mwanamume ni 0.90. Ukiweka fomula ya kumpanga kwenye kundi, itasema hajafika. Msomaji ataona 0.85 kwenye karatasi na kudhani kompyuta imekosea. Haijakosea: 88 kwa 104 ni 0.846, na seli imekadiria kwenye macho tu huku ndani ikishika namba kamili. Kwa sababu hiyo safu I naionyesha kwa desimali tatu, na siweki ROUND katikati ya hesabu yoyote.

Tumharibie sasa vipimo mama huyu, kosa moja moja, tuone kila namba inasema nini.

Urefu uandikwe 1.64 badala ya 164. BMI inaruka hadi zaidi ya 275,000, na hakuna atakayeipita bila kuiona. Lakini tazama asilimia ya mafuta: inakuwa 75.6, sawa na kilo 56.1. Namba hii ni mbaya, lakini si ya kupiga kelele. Mtu anayesoma safu ya L peke yake anaweza kuiamini.

Kiuno na nyonga vipimwe kwa inchi, 34.6 na 40.9. Kiuno kwa nyonga kinabaki 0.846, kana kwamba hakuna kilichotokea, kwa sababu kizio kiko juu na chini na kinajifuta. Kiuno kwa urefu kinashuka hadi 0.21, kiwango ambacho mtu mzima hawezi kuwa nacho, na asilimia ya mafuta inakuwa hasi 18.8. BMI haiguswi kabisa.

Kiuno na nyonga vibadilishane nafasi. BMI iko sawa, kiuno kwa urefu kinakuwa 0.63, kiwango ambacho watu wengi wa kweli wanacho. Ni kiuno kwa nyonga pekee kinachofichua, kwa kuruka hadi 1.18.

La mwisho ndilo lililonifundisha tahadhari. Watu wengi huandika IF kwamba kama ni KE ongeza 12, vinginevyo usiongeze. Jinsia ikisahaulika, fomula inamhesabu mtu kuwa mwanamume kimyakimya. Mama yetu angepata asilimia 26.7, kilo 19.8, karibu kilo tisa pungufu, na BMI pamoja na nyuwiano zote mbili zingekuwa sahihi kabisa. Niliwahi kupokea faili ambalo ukurasa mzima wa fomu haukuwa na jinsia, na wastani wa mafuta ulionekana wa kupendeza. Ndiyo sababu fomula ya K hapo juu inakataa chochote kisicho ME au KE.

Kwa kuwa kila kipimo kinaona kosa ambalo kingine hakilioni, safu M inavikusanya pamoja:

```
M2: =IF(OR(COUNT(C2:G2)<5,AND(B2<>"ME",B2<>"KE"),
    N(E2)<130,N(E2)>210,N(H2)<13,N(H2)>60,
    N(I2)<0.6,N(I2)>1.1,N(J2)<0.35,N(J2)>0.9),
    "KAGUA","SAWA")
```

Mipaka hii ni ya kukamata makosa ya uandishi, na haihusiani na ugonjwa. Nimeiweka mipana makusudi. Yupo mtu mzima mwenye urefu wa sentimita 128, na wapo wanaume wenye kitambi ambao kiuno kwa nyonga kinazidi 1 kihalali. KAGUA maana yake rudi kwenye fomu ya karatasi, na ikiwezekana kwa mtu mwenyewe. Usifute mstari, wala usibadilishe 1.64 kuwa 164 bila kuandika pembeni kwamba umebadilisha. Seli ya M ikionyesha kosa la #DIV/0!, mtu ameandika sifuri pale alipopaswa kuacha wazi.

Wajawazito wasiingie humu. Kiuno chao hakipimi kinachokusudiwa. Na walio chini ya miaka 20, hata kama BMI yao inakokotolewa, wasisomwe kwa mipaka ya watu wazima: wana majedwali yao yanayofuata umri na jinsia.

Ukifika kwenye wastani, chukua wale tu waliopita ukaguzi, na tenganisha jinsia:

```
=AVERAGEIFS(K:K,B:B,"KE",M:M,"SAWA")
```

Seli zilizoachwa wazi na fomula zetu hazihesabiwi, na hilo ndilo tulilotaka. Wastani wa BMI nao uchukuliwe kutoka safu H, mtu kwa mtu. Ukigawanya wastani wa uzito kwa mraba wa wastani wa urefu, utapata namba nyingine.

Kuna kitu ambacho hakuna safu itakayokikamata, nacho ni mahali utepe ulipowekwa. Maelekezo ya Shirika la Afya Duniani ni kupima kiuno katikati ya ubavu wa mwisho na ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga, mtu akiwa ametoa pumzi kwa kawaida. Vipimo vilivyozaa fomula ya RFM, vya utafiti wa afya wa Marekani, vilichukuliwa juu tu ya mfupa wenyewe wa nyonga. Kwa watu wengine sehemu hizo mbili hutofautiana kwa sentimita kadhaa. Kwa mama yetu, kiuno kikisomwa 90 badala ya 88, mafuta yanapanda kutoka kilo 28.7 hadi 29.4 bila mwili wake kubadilika hata chembe. Kwa hiyo mimi huongeza safu N, "Mahali pa utepe", yenye orodha ya kuchagua: KATIKATI au MFUPANI. Faili la mwaka huu likilinganishwa na la mwaka jana, safu hiyo ndiyo ninayoisoma kwanza; zikitofautiana, kilo za mafuta za miaka hiyo miwili sizilinganishi.