Demo imekupa faida? Sawa, sasa tupige hesabu

Nimeletewa tena picha ya akaunti ya demo ya forex, ile ya pesa za majaribio, iliyopanda, na ujumbe ule ule: "Kaka, nimeshaiva, naweka dola 200 laivu." Hujaiva bado, ndugu yangu. Tupige hesabu.

Demo yako ilikuwa na dola 10,000. Ulinunua EUR/USD kwa 1.0850, SL yako, yaani bei ya kukata hasara, ikiwa 1.0800, na TP, bei ya kuchukua faida, 1.0950, ukubwa wa oda loti 0.20. Pipsi moja, yaani bei kusogea 0.0001, kwa loti hiyo ni dola 2, na SL iko pipsi 50 chini, kwa hiyo oda ikienda vibaya unapoteza dola 100, asilimia 1 ya mtaji. Safi. Kwenye dola 200, asilimia 1 ni dola 2. Lakini loti ndogo kabisa kwa madalali wengi ni 0.01, na kwa loti hiyo pipsi 50 ni dola 5, yaani asilimia 2.5. Kanuni yako imevunjika kabla hata woga haujaingia. Programu ya MetaTrader inakuruhusu kuchagua kiasi cha demo. Kwa nini ulichagua 10,000?

Bei kuteleza nitaipita haraka. Januari 15, 2015, benki kuu ya Uswisi ilipoacha kuizuia faranga isipande, SL za watu zilifungwa mbali kabisa na zilipowekwa. Demo mara nyingi hukupa bei unayoiona.

Kinachonikera ni hiki. Chukua oda kumi za loti 0.01, nne za faida na sita za hasara. Ukifuata mpango, unapata dola 40, unapoteza 30, unabaki na 10. Kwenye demo ulifika hapo kwa sababu uliweka oda ukaenda kulala. Laivu, bei ikigusa 1.0880 unaona dola 3 zako, unaogopa zisirudi, unafunga. Nne mara 3 ni 12, toa 30: umepoteza 18. Mahali pa kuingia ni pale pale, mpango ni ule ule. Na hapo sijahesabu zile SL unazozisogeza chini ukisubiri bei irudi. Watafiti Shefrin na Statman waliieleza tabia hii mwaka 1985 kwa wawekezaji wa hisa: faida huuzwa mapema, hasara hukumbatiwa. Wewe unamlaumu dalali, kisha unabadilisha mkakati.

Basi fungua ripoti ya akaunti zote mbili, linganisha wastani wa oda za faida na za hasara kwa pipsi, si kwa dola. Idadi ya ushindi ikiwa ile ile lakini wastani wa faida umeshuka kutoka 100 hadi 30, soko halina kosa.

Nawashauri watu waanze laivu na kiasi kidogo, ila ushauri huo wenyewe una tundu: pesa isiyokuuma ni demo nyingine tu, na kiasi kinachouma hutofautiana kwa kila mtu. Sina namba ya kukupa. Tena ukipandisha loti, woga huanza upya. Kwa hiyo kila unapopandisha, fanya oda ishirini, toa ripoti tena. Wastani wa faida ukipungua kwa pipsi, rudi kwenye loti ya awali.