Merge Cells haijapindisha jedwali lako

Nimeletewa tena faili ya Word yenye jedwali lililopinda, na maelezo ni yaleyale: "Niliunganisha seli za juu, za chini zikahama." Hapana, jamani. Ukiunganisha seli za mstari mmoja, mistari mingine haiguswi. Word inaandika tu kwamba seli iliyounganishwa sasa inachukua nafasi ya safu kadhaa, basi. Mipaka ya safu huko chini inabaki ilipokuwa.

Tuchukue jedwali la safu nne: Bidhaa, ambayo ni pana, kisha Januari, Februari na Machi, nyembamba. Weka kishale kwenye mstari wa vichwa hivyo, nenda Layout ya jedwali, bofya Insert Above. Chagua mstari mpya wote, bofya Merge Cells, andika kichwa cha habari, kiweke katikati. Imekwisha.

Uharibifu huja baadaye, mtu anapobadili mawazo. Anataka seli zake nne zirudi, anabofya Split Cells, anaandika safu 4. Word haikumbuki kwamba safu ya Bidhaa ilikuwa pana; inagawa nafasi sawasawa. Sasa mipaka ya juu haikutani na ya chini, naye anaanza kuiburuta kwa mkono mmoja mmoja mpaka "ikae vizuri". Kwa macho inakaa. Shikilia Alt huku ukiburuta, rula ikuonyeshe vipimo, utaona seli ya juu na ya chini zinapishana kwa milimita moja hivi. Tofauti hiyo ndiyo itakayokutesa utakapotaka kupanua safu nzima, maana Word inaweza kuiona mipaka hiyo kuwa miwili. Dawa ni Undo ikiwa bado ipo. Kama haipo, futa mstari huo wote, uingize mwingine juu ya vichwa. Mstari mpya hurithi upana wa seli za mstari ambako kishale chako kipo.

Kosa la pili ni kuburuta mpaka wakati seli moja imechaguliwa. Hapo unahamisha mpaka wa seli hiyo peke yake. Bofya kwanza nje ya jedwali, ndipo uburute. Na kama safu zinatanuka zenyewe unapoandika, ingia Table Properties, kisha Options, uondoe alama kwenye Automatically resize to fit contents.

Wa kufuta seli tatu kwa Delete Cells kisha kuvuta ile iliyobaki ienee, sina la kuwaambia.

Nina shaka moja hata hivyo. Programu za kuwasomea wasioona hutatizika na seli zilizounganishwa, na Check Accessibility ya Word yenyewe huzilalamikia. Kichwa kinapohusu jedwali zima, siku hizi mara nyingi nakiandika kama aya juu ya jedwali. Kinapofunika miezi mitatu tu na kuiacha Bidhaa, bado naunganisha, kwa kuwa sijapata njia nyingine ya kuonyesha kwamba miezi hiyo ni kundi moja.