Attack na Release kwenye sauti ya msimulizi: dhana potofu na ukweli

Anayeanza kuhariri mahojiano huelewa upesi kizingiti cha kompresa, zana inayopunguza sauti zilizo kubwa mno: sauti ikikivuka, inabanwa. Vitufe vinavyomsumbua ni vile viwili vilivyoandikwa Attack na Release, na sehemu kubwa ya usumbufu huo hutokana na maelezo ya mkato yanayorudiwarudiwa.

Dhana: Attack ni muda ambao kompresa husubiri kabla ya kuanza kubana.

Haisubiri. Sauti inapovuka kizingiti, kompresa huanza kubana papo hapo. Attack ni kasi yake ya kufikia kiasi cha kubana kinachotakiwa. Ukiweka milisekunde 10, sehemu kubwa ya kazi imefanyika ndani ya muda huo na kinachobaki humalizika baadaye kidogo. Release ni safari ya kurudi: sauti ikishuka, kompresa huanza kulegeza, na wewe ndiye unayeamua iharakishe au ijivute.

Dhana: Attack ya haraka kabisa ndiyo salama zaidi.

Kwenye mita inapendeza kweli, kwa kuwa hakuna kilele kinachoponyoka. Tatizo liko masikioni. Mwanzo wa silabi ndio unaobeba makali ya matamshi, na Attack ya nusu milisekunde huubana pamoja na mengine yote. Chukua sentensi yenye "pata", "tikiti" na "kapu", isikilize kwa hedfoni, na utasikia maneno yamekuwa butu, kana kwamba msemaji amejifunika kitambaa mdomoni. Ukivuka upande wa pili, tuseme milisekunde 60, mwanzo wa kila silabi nzito hupita bila kuguswa, kisha irabu inayofuata inabanwa, na usemi unaanza kugonga. Mimi huanzia milisekunde 10 na kusogea kidogo kidogo kutoka hapo.

Sauti nzito ya kiume ina hatari yake. Sauti ya mtu anayezungumza kwenye hezi 100 hufanya wimbi moja kila milisekunde 10. Attack na Release zote zikiwa fupi kuliko hapo, kompresa huacha kufuata maneno na kuanza kufuata wimbi lenyewe, ikibana na kulegeza ndani ya kila mzunguko. Umbo la wimbi huharibika na sauti hupata mkwaruzo. Wengi huilaumu maiki, kumbe dawa ni kurefusha Release.

Dhana: Release ndefu haina madhara, inatuliza tu sauti.

Hapa ndipo mahojiano mengi huharibika, kwa hiyo tuupitie mfano mmoja taratibu. Mama anasimulia, anacheka kwa nguvu, kisha anasema kwa sauti yake ya kawaida: "Basi, nikarudi nyumbani." Kizingiti kiko desibeli −20 na uwiano ni 3:1. Kicheko kimefika −5, yaani kimezidi kizingiti kwa desibeli 15. Kwa uwiano huo zinabaki 5 juu ya kizingiti, na 10 zinaondolewa. Maneno yake ya kawaida yako −18, ambayo yanahitaji kupunguzwa desibeli moja na kitu tu.

Release ikiwa milisekunde 1000 na "basi" likaja theluthi moja ya sekunde baada ya kicheko, kompresa bado inashikilia desibeli 7 hivi. Neno linazama, kisha sentensi inapanda yenyewe kuelekea "nyumbani", utadhani mama alisogea mbali na maiki akarudi. Kwa milisekunde 120, wakati huohuo zimebaki takriban 2, na "basi" linasikika mahali pake.

Lakini usikimbilie milisekunde 20. Kompresa itaachia katika kila mwanya kati ya maneno, na kwa kuwa umeongeza ujazo baada ya kubana, pumzi ya msemaji na mvumo wa feni vitapanda kila anaponyamaza na kushuka kila anapoanza. Kitakachokuambia ni mita ya kupungua kwa sauti: sindano irudi karibu na sifuri msemaji anapopumua, isitetemeke katikati ya neno moja. Kwa usemi wa kawaida, mahali hapo hupatikana mara nyingi kati ya milisekunde 100 na 250. Msemaji wa haraka huhitaji fupi zaidi. Pumzi zinazobaki kubwa nazipunguza kwa mkono.

Dhana: namba nzuri ukizipata, zinafaa kwenye programu yoyote.

Programu hazihesabu muda kwa namna moja. Nyingine huuhesabu hadi theluthi mbili ya safari, nyingine hadi karibu na mwisho, hivyo 100 ya huku si lazima iwe 100 ya kule. Angalia pia kipimo: kompresa ya zamani ya Audacity ilipima kwa sekunde, na Release yake haikushuka chini ya sekunde 1, kwa hiyo "basi" la yule mama lingezama tu hata ukiweka kiwango cha chini kabisa.