Ndoa Ikivunjika, Je, Ng'ombe Hurudi? Sheria Inavyotazama Madai ya Mahari na Zawadi

Tangu Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia ianze kuzunguka mikoani mwaka 2023, wananchi wengi zaidi wanafika kwenye madawati yetu na mashauri ya ndoa. Tunashukuru. Lakini swali moja linarudi kila tunapoweka meza, na mara nyingi anayeliuliza ameshaamua jibu lake kabla hajakaa: mwanamke ameondoka, ng'ombe wetu watarudi lini?

Jibu linategemea mambo ambayo muulizaji huwa hajayataja. Je, ndoa ilifungwa, au uliishia kwenye uchumba? Mahari ilikuwa ya kimila au ya Kiislamu? Nani aliyesababisha ndoa ivunjike? Kinachodaiwa ni mahari yenyewe, au ni zawadi ambayo mume alimpa mkewe wakiwa nyumbani kwao? Sheria haiyatendei haya kwa namna moja.

Kwanza niondoe kosa linaloumiza watu zaidi kuliko mengine yote. Talaka haisubiri mahari. Chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Sura ya 29, mahakama huvunja ndoa ikiridhika kwamba imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Haiulizi kama ng'ombe wamerudi zizini. Kifungu cha 41 cha sheria hiyo kinasema ndoa iliyotimiza matakwa ya sheria ni halali hata kama mila ya mahari haikutimizwa. Kama mahari si sharti la kuingia katika ndoa, haiwezi kuwa kufuli la kutoka. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu bado tunapokea mabinti waliorudishwa na baba zao kwa waume wanaowapiga, kwa neno moja tu: "Sina ng'ombe wa kurudisha." Mzee anayesema hivyo anaogopa deni ambalo huenda halipo kabisa.

Sasa tuanze na uchumba, maana hapo sheria iko wazi zaidi. Kifungu cha 71 kinaruhusu kudai zawadi iliyotolewa kwa matarajio ya ndoa ambayo haikufungwa. Sharti ni moja: mahakama iridhike kwamba mtoaji alikusudia zawadi ile iwe kwa sharti la ndoa kufungwa, na si vinginevyo. Chukua kijana aliyetuma barua ya posa, akatoa kishika uchumba shilingi 200,000, kisha akapeleka ng'ombe sita wa mahari mbele ya mshenga na wazee wa pande zote mbili. Binti akaghairi kabla ya ndoa. Ng'ombe sita wale hawana utata: jina lao ni mahari, na mahari hutolewa kwa ajili ya ndoa. Kishika uchumba nacho kwa kawaida kinaeleweka hivyo. Lakini kijana huyohuyo akiongeza kwenye orodha simu aliyomnunulia siku ya kuzaliwa, vitenge vya Krismasi, nauli za Mwanza na vocha za mwaka mzima, atapata shida. Hivyo alivitoa kwa mapenzi ya siku ile. Mahakama itamuuliza alimwambia nani, na lini, kwamba simu ile ni kwa sharti la ndoa. Mara nyingi hana jibu.

Yapo pia madai ya fidia kwa kuvunja ahadi ya ndoa, chini ya kifungu cha 69. Hayo hayazidi hasara halisi iliyotokana na gharama zilizotumika kwa sababu ya ahadi ile, kwa mfano ukumbi uliolipiwa. Aibu mbele ya majirani haina bei humo.

Ndoa ikishafungwa, kifungu cha 71 hakisaidii tena, kwa sababu sharti limeshatimia. Hapa ndipo wengi wanapotea. Mume aliyeoa kimila akitaka mahari irudi, anaegemea sheria za mila, hasa Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, lililotangazwa kwa Tangazo la Serikali Namba 279. Tamko hilo liliandika mila za jamii zinazofuata ukoo wa baba katika wilaya zilizolikubali. Halihusu kila kabila wala kila wilaya, kwa hiyo jambo la kwanza mahakamani ni kuonyesha ni mila ipi inayotumika kwenu. Hata pale inapotumika, mila haiwezi kupita juu ya jambo ambalo Sheria ya Ndoa imelipangia utaratibu wake, kama talaka, malezi ya watoto na mgawanyo wa mali.

Chini ya mila hizo, marejesho hayaji yenyewe kwa sababu tu mke ameondoka. Mahakama hutazama nani mwenye kosa la kuvunjika kwa ndoa, na kama kuna watoto waliozaliwa. Nieleze kwa mfano. Si wa mtu mmoja, bali umeundwa kutokana na mambo tunayokutana nayo mara kwa mara.

Mume mmoja katika jamii ya wafugaji mkoani Mara alitoa ng'ombe 12 mwaka 2014, na mkaja wa mama, na blanketi la bibi. Daftari la mahari lipo, limesainiwa na washenga wawili. Wameishi miaka tisa, wana watoto watatu. Mke anarudi kwao akiwa na majeraha na fomu ya polisi namba tatu, ile PF3. Mume anakwenda kwa baba mkwe na kudai ng'ombe wote 12, au apewe watoto.

Mke ndiye anayeanza. Anakwenda Baraza la Usuluhishi la Ndoa la kata, kwa sababu kifungu cha 101 hakiruhusu ombi la talaka kabla ya usuluhishi, isipokuwa kwa mazingira machache yaliyotajwa humo. Baraza likishindwa kuwapatanisha linatoa hati. Tafadhali mzingatie: hati hiyo isiwe na umri wa zaidi ya miezi sita siku ombi linapofunguliwa. Tunawaona watu wenye hati ya mwaka juzi, wakiwa wamesafiri tangu alfajiri, na hatuna la kuwafanyia ila kuwarudisha barazani. Baada ya hapo anafungua shauri Mahakama ya Mwanzo. Mahakama inasikiliza ushahidi wa kipigo, inaridhika kwamba ndoa imevunjika, inatoa talaka. Mahari haikutajwa, na haikuhitajika kutajwa.

Mume anafungua dai la mahari katika Mahakama ya Mwanzo, kwa sababu huko ndiko mashauri ya sheria za mila huanzia. Hapa hufanya kosa jingine la kawaida: anamshitaki mke. Mke hakupokea ng'ombe. Aliyepokea ni baba yake, na aliyepokea ndiye anayedaiwa. Akishaelekezwa, anamshitaki mzee. Daftari linathibitisha ng'ombe 12, wala hakuna anayebisha. Lakini hukumu ya talaka imeshaonyesha kwamba kipigo chake ndicho kilichovunja ndoa, na watoto watatu wamezaliwa. Dai lake linakwama hapo. Hesabu ya ng'ombe ilikuwa sahihi. Alichokosa ni haki ya kuwadai.

Geuza mfano. Ndoa imedumu miezi michache, hakuna mtoto, mke amehamia kwa mwanamume mwingine bila kosa lolote la mume, na mahari ilitolewa yote mbele ya mashahidi. Hapo dai lina miguu, na mahakama inaweza kuamuru mahari irudi yote au sehemu yake. Tusidanganyane kwamba mahari hairudi kamwe.

Kuhusu watoto, nitasema mara moja. Mtoto si dhamana ya ng'ombe. Kifungu cha 125 kinaitaka mahakama iangalie kwanza ustawi wa mtoto, na kwa mtoto aliye chini ya miaka saba kuna dhana kwamba ni vema akae na mama yake, dhana ambayo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Mzee anayezuia wajukuu mpaka mahari iliyobaki ilipwe, na mume anayewachukua mpaka mahari irudi, wote wawili wamekosea.

Mahari ya Kiislamu ni jambo jingine kabisa, na kulichanganya na la kimila ndiko kunakozaa ugomvi mwingi Pwani na mijini. Huko mahari ni haki ya mke mwenyewe. Si ya baba wala mjomba. Mume akitoa talaka baada ya wawili kukaa kinyumba, hana cha kudai, na kama sehemu ya mahari ilikuwa haijalipwa inabaki deni juu yake. Talaka ikitoka kabla ya kukutana na mahari ikiwa imeshatajwa, mke anapata nusu. Mke akitaka mwenyewe kujivua, yaani khului, ndipo hurudisha mahari au kiasi walichoafikiana. Hata hivyo nao hawaruki hatua ya baraza la usuluhishi.

Na zile zawadi za ndani ya ndoa? Cherehani, dhahabu, pikipiki aliyomkabidhi mkewe wakiwa wanaishi pamoja? Kifungu cha 61 kinaweka dhana kwamba kitu ambacho mwanandoa mmoja amempa mwenzake ni mali ya aliyepewa. Anayesema alimwazima tu ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha. Mali mliyochuma pamoja inagawanywa chini ya kifungu cha 114, na tangu kesi ya Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, kazi za nyumbani za mke zinahesabiwa kuwa mchango.

Wengine wanatuonyesha kwenye simu habari kwamba "mahakama imefuta mahari". Habari hiyo ni ya Uganda. Tarehe 6 Agosti 2015 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi iliyofunguliwa na shirika la Mifumi, iliamua kwamba desturi ya kudai mahari irudishwe ndoa ya kimila inapovunjika ni kinyume cha Katiba yao. Haikukataza kutoa mahari, na haizifungi mahakama zetu.

Nirudi kwa wenye haraka. Kwenda usiku kwa wakwe na kuswaga ng'ombe kwa hoja kwamba "ni wangu" si kukazia hukumu. Ni njia ya kushitakiwa kwa wizi wa mifugo chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kosa ambalo kifungo chake kinaweza kufika miaka 15. Utakuwa na nafasi ya kujitetea kwamba uliamini kwa dhati una haki, lakini utajitetea ukiwa kizimbani. Mwenye dai aende mahakamani na daftari la mahari, majina ya washenga, na nakala ya hukumu ya talaka kama ipo. Asiyeridhika na uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo juu ya dai la mila ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya.

Kwa wazazi wa binti: msikope wala kuuza shamba ili kurudisha mahari kabla mahakama haijasema mnadaiwa. Ikiwa familia mmeamua kwa hiari kurudisha sehemu ili kumaliza ugomvi, andikeni idadi ya ng'ombe, tarehe, na kwamba huo ndio mwisho wa dai, kisha pande zote zisaini mbele ya mashahidi. Tumeshawaona waliorudisha ng'ombe watano kwa maneno matupu, kisha wakadaiwa wote 12 upya.