Raundi ngapi, na kwa nini njia ya nje huanza mbele

Uwanja kamili wa riadha una raundi ya mita 400, nayo hupimwa kwenye njia ya kwanza peke yake. Kujua raundi, gawa masafa kwa 400. Mita 5,000 ni raundi 12 na nusu. Mita 1,500 ni raundi 3 na mita 300 juu yake, ndiyo maana wakimbiaji wake hawaanzi penye mstari wa kumalizia, bali mita 100 mbele yake, kwenye mwisho wa kona ya kwanza.

Viwanja vingi vya shule, Malindi na kwingineko, havitoshi mita 400, kwa hivyo huchorwa raundi ya mita 200. Chukua mfano wa njia 6 za upana wa mita 1, zilizochorwa kwa chokaa. Pande mbili zilizonyooka ni mita 40 kila moja, na kila kona ni nusu duara ya mita 60. Hapo mita 1,500 ni raundi 7 na nusu, na mita 200 ni raundi moja kamili.

Kwenye sehemu iliyonyooka njia zote ni sawa kwa urefu. Tofauti huzaliwa konani. Ukisogea nje mita 1, nusu duara huongezeka mita 3.14, na kwa kona mbili ni mita 6.28. Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba ukubwa wa kona hauhusiki kabisa. Kinachohesabika ni upana wa njia. Basi katika mbio za mita 200 hapa, njia ya pili huanza mita 6.28 mbele ya mstari wa kumalizia, ya tatu mita 12.57, na ya sita mita 31.42.

Kosa kubwa ni kunakili vipimo vya uwanja wa mita 400. Kule mita 200 hupita kona moja tu. Ukimpa wa njia ya sita nafasi ya kona moja, yaani mita 15.71, atakimbia mita 15.71 za ziada, na mtoto mwenye kasi atatoka wa mwisho bila kosa lake.

Kosa la pili halionekani upesi. Nafasi hiyo hupimwa ndani ya njia ya mkimbiaji mwenyewe, sentimita 20 kutoka mstari wake wa ndani, kwa kufuata mpindo. Ukipima mita 31.42 kwenye njia ya kwanza kisha uvute kamba moja kwa moja hadi ya sita, utakuwa umemzawadia karibu mita 8. Na usinyooshe utepe konani, kwa sababu utakata mpindo; pima vipande vya mita moja moja.