Nusu-maisha ya dawa mwilini: yale tunayokosea tukipiga hesabu

Tuchukue dawa moja tu twende nayo mpaka mwisho. Kidonge cha kafeini, miligramu 200. Kwa mtu mzima mwenye afya nusu-maisha yake ni kama masaa 5, yaani kila yakipita masaa 5 kinachobaki mwilini ni nusu ya kilichokuwepo. Saa tutaanza kuihesabu pale dawa ikishaingia yote kwenye damu, sio pale unapomeza, maana kwenye saa la kwanza hivi bado inaingia.

Dhana: masaa 5 nusu imetoka, kwa hiyo masaa 10 imeisha yote.

Hii ndo naisikia kuliko zote, na ukiangalia unaona kabisa mtu anapoteleza, anadhani mwili unatoa kiasi kilekile kila saa kama ndoo inayovuja. Mwili haufanyi hivyo. Ini lina vimeng'enya vinavyoivunja kafeini, na kwa kiwango cha kawaida vinavunja sehemu ileile ya kile kilichopo kwa wakati huo, kikiwa kingi vinavunja kingi, kikipungua nacho kinachovunjwa kinapungua. Kwa nusu-maisha ya masaa 5 sehemu hiyo ni kama asilimia 13 kwa saa. Saa la kwanza zinatoka karibu miligramu 26, ila saa la sita, wakati zimebaki 100, zinatoka 13 tu. Ndo maana masaa 10 bado una 50, masaa 15 una 25, masaa 20 una 12.5, na hesabu yenyewe kwenye karatasi haifiki sifuri kamwe. Watu wa dawa huwa wanasema zikipita nusu-maisha tano dawa imetoka kwa maana ya kawaida, kwa sababu hapo imebaki kama asilimia 3.

Na hapohapo kuna kosa dogo linalojificha: katikati ya nusu-maisha. Masaa 2 na nusu mtu anakwambia zimebaki 150, kagawa tu kati ya 200 na 100. Jibu ni 141. Mchoro umepinda, haujanyooka.

Modeli yenyewe hii hapa, A ni miligramu zilizobaki na t ni masaa yaliyopita:

```
A = 200 × (1/2)^(t/5)
```

Hiyo t/5 inauliza tu nusu-maisha ngapi zimepita, na sio lazima iwe namba nzima, hapo ndo uzuri wake. Baada ya masaa 8 zimepita 1.6, na nusu ikipandishwa kipeo cha 1.6 ni 0.33, kwa hiyo zimebaki miligramu 66.

Dhana: 200 mara nusu ni 100, kwa hiyo weka kipeo juu ya 100.

Kuna kijana niliwahi kumfundisha alifanya hivi mbele yangu, kachukua kalkuleta akabonyeza 100 kipeo 1.6 ikaja 1585 na akaiandika kwenye daftari bila wasiwasi wowote. Nikamuuliza, kameza ngapi? Akasema 200. Akaliangalia jibu lake kwa muda, akalikata mwenyewe. Kipeo ni cha ile nusu peke yake, kinafanywa kwanza, kuzidisha kunafuata. Na hiyo ndo njia rahisi ya kujikamata, jibu likizidi kiasi kilichomezwa umekosea tu, hakuna mjadala.

Dhana: logi ni ya kukariri, haina kazi hapa.

Kazi inayo, maana swali la kweli mara nyingi liko kinyume. Mtu hataki kujua baada ya masaa 8 zimebaki ngapi, anataka kujua itachukua muda gani zibaki 30 apate usingizi. Sasa kisichojulikana kimekaa juu kwenye kipeo, na huwezi kukishusha kwa kugawa wala kutoa, logi ndo inayokishusha. Unaanza kwa kugawa pande zote kwa 200, inabaki (1/2)^(t/5) = 30/200. Unachukua logi pande zote, t/5 inashuka inakuwa ya kuzidisha, af unageuza sehemu zote mbili ili usihangaike na alama za kutoa:

```
t = 5 × log(200/30) / log(2)
t = 5 × 0.8239 / 0.3010 = 13.7
```

Kwa hiyo ni masaa 13 na dakika 40 hivi. Pima kwa akili: masaa 10 ni 50, masaa 15 ni 25, basi 30 lazima ikae kati ya hapo karibu na 15. Imekaa.

Wanapokosea wengi ni kudhani log(200/30) ni sawa na log(200) gawa kwa log(30). Hiyo inakupa 1.56 badala ya 0.82, na mwisho unapata karibu masaa 26. Logi ya mgao ni logi moja toa nyingine: 2.3010 toa 1.4771, ndo 0.8239. Na ukitumia `ln` badala ya `log` haina shida, mradi juu na chini iwe ileile.

Dhana: dozi mara mbili, muda mara mbili.

Hapana. Mtu akimeza 400 badala ya 200, baada ya masaa 5 anabaki na 200, yaani yuko palepale alipoanzia yule wa mwanzo. Kumbe kaongeza nusu-maisha moja tu, kutoka 13.7 kwenda 18.7. Hii isikudanganye kwamba dozi kubwa ni salama, kiwango cha juu kabisa kwenye damu kimepanda mara mbili na madhara yanakuja na hicho.

Dhana: ile 5 ni ya kila mtu.

Hapa naomba tuwe makini kwa kweli. Nusu-maisha ni ya dawa ndani ya mwili fulani. Anayevuta sigara kafeini inamtoka haraka zaidi, na mjamzito wa miezi mitatu ya mwisho anaweza kufika masaa 15. Weka 15 kwenye fomula ileile: 15 mara 2.737 ni masaa 41, wakati mwenzake ni 13.7, na kidonge ni kilekile.

Ukitaka ya mtu mwenyewe unahitaji vipimo viwili vya damu. Tuseme saa la 2 ni miligramu 4.0 kwa lita na saa la 9 ni 1.5, hapo masaa 7 yamepita, na T ni nusu-maisha yake:

```
T = 7 × log(2) / log(4.0/1.5) = 4.9
```

Mimi ningeomba na kipimo cha tatu. Chora logi ya kiwango dhidi ya muda, alama tatu zikikaa kwenye mstari ulionyooka modeli inafaa. Zikipinda, pengine cha kwanza kilichukuliwa dawa bado inaingia, au dawa yenyewe sio ya aina hii. Pombe kwa mfano, vimeng'enya vyake vinajaa mapema, vikishajaa vinatoa karibu kiasi kilekile kila saa hata iliyopo iwe nyingi vipi. Hiyo sasa ndo ndoo inayovuja, na ukiifanyia hesabu ya nusu-maisha utamwambia mtu kapona wakati bado amelewa.