Sabuni iliyozidi mafuta yake

"Nimepika mafuta ya nazi gramu 100, nikapata sabuni gramu 138. Inakuwaje mavuno yazidi asilimia 100?"

Hayajazidi. Sehemu kubwa ya ziada ni maji, na umegawanya kwa namba isiyo yake. Nayajua haya kwa sababu niliwahi kuandika 138% kwenye ripoti ya maabara, nikarudishiwa karatasi ina duara jekundu bila maelezo.

Nilidhani kigawanyo ni uzito wa mafuta. Kumbe ni uzito wa sabuni ambayo mafuta hayo yangeweza kutoa, na cha kuchekesha, hata ikiwa kavu kabisa sabuni hiyo ni nzito kuliko mafuta. Kila molekuli ya mafuta huachia kipande cha glisirini chenye uzito wa 41, na mahali pake hukaa sodiamu tatu, jumla 69. Gramu 100 za mafuta ya nazi hula takriban gramu 18.3 za kostiki soda (hutofautiana kidogo kati ya mafuta na mafuta), hutoa glisirini gramu 14, na sabuni gramu 104. Gawanya kwa 104.

Sasa maji. Hata baada ya kutia chumvi nyingi ili sabuni ielee na glisirini ibaki chini, donge hutoka limelowa. Kata gramu 10, kausha kwenye oveni ya nyuzi 105 mpaka mizani isishuke tena. Zangu zilibaki gramu 7.1, kwa hiyo 138 × 0.71 ni gramu 98, nazo kwa 104 ni asilimia 94. Hata hizo usiziamini zote: chumvi na mafuta ambayo hayajageuka havikauki, hupimwa kama sabuni.

Je, joto huongeza mavuno? Hapo nilikosea tena. Mmenyuko huu kwa kweli hauna njia ya kurudi, hivyo joto huharakisha tu. Kinachochelewesha ni kwamba mafuta na maji ya kostiki hukutana mpakani peke yake, kama ng'ambo mbili za mto zenye kivuko kimoja. Kukoroga huongeza vivuko. Lakini sabuni ya kwanza kuzaliwa nayo hushika mafuta kwa upande mmoja na maji kwa mwingine, ikawa kivuko kipya. Ndiyo maana sufuria hukaa kimya muda mrefu, kisha ghafla uji unakuwa mzito. Ukitia vipande vichache vya sabuni ya zamani mwanzoni, ukimya huo hupungua.

Kwa hiyo ukilinganisha nyuzi 60 na 80 baada ya saa tatu za kukoroga vizuri, huenda usione tofauti yoyote. Chota sampuli dakika ya 15, uzimwage mara moja kwenye asidi uliyoipima ili mmenyuko usimame, ndipo upime kostiki iliyobaki.